Upande wa Nyuma wa Somo la Hudaibiya

Nimefundisha dini katika shule ya sekondari hapa Kitale kwa miaka mingi, na wanafunzi wangu wanajua kwamba sichoki kurudia. Mtu akiniambia hajaelewa, nafurahi, maana nimepata njia ya pili ya kueleza. Tabia hiyo imenisaidia darasani. Nje ya darasa imenigharimu, kwa sababu mtu aliyezoea kueleza mambo huzoea pia kuwatafutia watu maelezo ya makosa yao, mpaka yasionekane makosa tena.

Msikitini kwetu kuna darsa kila Jumapili baada ya sala ya Alasiri. Wanaume hukaa ukumbini. Sisi wanawake tulikuwa na chumba chetu upande wa kulia, chini, kilichotenganishwa na ukumbi kwa dirisha refu la mbao zilizopishana. Ukikaa mbali na dirisha unasikia tu. Ukisogeza uso karibu unamwona anayefundisha, mikono yake na meza yake ndogo. Mahali pa karibu kabisa palikuwa pa nyanya mmoja mwenye magoti mabovu na sikio moja zima. Hakuna aliyewahi kupakalia, hata siku ambayo nyanya hakuja.

Aliyekuwa akifundisha ni ustadhi ambaye mimi nilimfahamu tangu hajui alifu. Sote wawili ni wa Bungoma. Nilipokuwa msichana mkubwa katika madrasa ya mtaani kwetu, mwalimu alinipa watoto wadogo niwashike, na yeye alikuwa mmoja wao. Alikuwa mtoto wa kuogopa kukosea. Akifika kwenye herufi asiyoijua ananyamaza na kunitazama, nami namtajia polepole, naye anaitamka kwa sauti kubwa kama vile ameijua siku zote. Baadaye alikwenda kusoma Pwani, akarudi na elimu na sauti nzuri, na wazee wa Kitale wakamchukua awe msaidizi wa imamu na mwalimu wa darsa. Mimi nilikuwa nimeolewa huku zamani. Siku aliyonitambua nje ya msikiti alisema mbele ya watu wote, "Huyu ndiye dada yangu aliyenifundisha kusoma!" Nilitembea hadi nyumbani nikiwa mwepesi.

Haikuchukua muda akaanza kuniomba msaada. Alikuwa na ndoa za kufungisha, wagonjwa wa kutembelea, na vikao vya kamati ambako yeye ndiye aliyeandika kumbukumbu.

"Dada, wewe una subira ya vitabu," aliniambia. "Nitengenezee sira ya Mtume, lakini kwa upande wa uongozi. Hawa vijana wetu wanataka kuwa viongozi, wa biashara, wa vyama, wa kila kitu. Waone yeye aliongoza vipi."

Nilikubali. Nikanunua daftari kubwa, na kila wiki nikaandika somo moja.

Nieleze kidogo jinsi somo la namna hiyo linavyoandaliwa, maana bila hilo hutaelewa kilichoniuma. Unachagua tukio moja tu. Ukichukua matatu, watu watatoka na majina na tarehe bila funzo. Ukishachagua, unatafuta limepokewa kwa njia gani, unaacha visa vitamu visivyo na mapokezi ya kuaminika, hata kama watu wanavipenda. Hapo ndipo penye amana. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuonya vikali tusimzulie. Huwezi kusema alifanya, alisema au aliwaza jambo ambalo halijapokewa kwake. Baada ya hapo unasimulia tukio kwa mpangilio wake, unauliza kiongozi alikuwa katika hali gani, alikuwa na njia zipi, akachagua ipi. Na mwisho unatoa mfano wa maisha yetu hapa, mfano ambao mtu wa soko la Kitale ataukumbuka akifunga duka lake.

Tulifundisha hivyo kwa miezi kadhaa. Nasema tulifundisha. Hakuna aliyejua kuhusu daftari isipokuwa akina mama wenzangu chumbani, na wao walinicheka.

"Leo mwalimu anatingisha kichwa kabla ustadhi hajamaliza sentensi," alisema dada mmoja wa Misikhu aliyesilimu alipoolewa, mtu wa maswali makali. "Ati anajua itaishia wapi!"

"Nyamaza tusikie," nyanya akamjibu, sikio lake zima likiwa kwenye mbao.

Halafu tukapata habari kuhusu chumba. Kamati ilitaka kukigeuza kiwe ofisi na mahali pa kupokelea wageni, na sisi tuhamie orofani, ambako hupandwa kwa ngazi za chuma zilizo nje. Hakuna aliyetuuliza. Orofani hakuna dirisha la kuonea ukumbi, kuna spika tu. Lakini jambo kubwa lilikuwa zile ngazi. Tulikuwa na wazee sita hivi ambao wasingeweza kuzipanda, na nyanya alikuwa wa kwanza.

"Mimi nikipanda huko," alisema, "mtanishusha kwa jeneza."

Tulicheka, naye alicheka.

Ndipo nikafikiria somo la Hudaibiya. Wazo halikuwa la hila. Somo lenyewe lilikuwa limefika zamu yake katika mpangilio wa miaka, na nilipoliona nikajua hakuna somo linalotufaa zaidi wakati ule. Alhamisi nilikwenda na daftari kwa ustadhi nyumbani kwake, mkewe akiwepo, nikamweleza: ulisome somo hili lote, kisha mwishoni useme akina mama wana neno, na usome ombi letu. Ombi lenyewe lilikuwa sentensi mbili. Kabla kamati haijaamua kuhusu chumba, iwasikilize wanawake wawili tutakaowachagua. Na ikiwa ni lazima chumba kichukuliwe, wazee wapewe mahali chini.

"Dada, hilo tu?" alisema. "Hilo ni haki yenu. Jumapili kamati itakaa mara tu baada ya Magharibi, kwa hivyo darsa ndiyo nafasi yenyewe. Wazee watakuwa wametoka kusikia sira, mioyo iko laini. Niachie."

Akamgeukia mkewe akacheka. "Unaona? Tangu utotoni ananipangia kazi."

Somo lilienea ukurasa mmoja, mbele na nyuma. Mbele niliandika tukio. Katika mwaka wa sita wa Hijra Mtume aliona ndotoni kwamba wataingia Msikiti Mtakatifu. Akatoka Madina na Masahaba wapatao elfu moja na mia nne, wamevaa ihramu, wanaongoza wanyama wa kuchinja, hawana nia ya vita. Makureshi wakawazuia, nao wakapiga kambi Hudaibiya, karibu na Makka. Mazungumzo yakaishia kwenye mkataba ambao ulionekana mzito kwa Waislamu. Warudi mwaka huu bila kufanya Umra, waje mwaka ujao kwa siku tatu. Atakayekimbia kutoka Makka bila idhini ya walii wake, yaani mlezi wake, arudishwe, na atakayetoka kwa Waislamu kwenda Makka asirudishwe. Hata maneno "Mtume wa Mwenyezi Mungu" mjumbe wa Makureshi aliyakataa yasiandikwe, na Mtume akakubali liandikwe jina lake na la baba yake. Kabla watu hawajameza hayo akatokea Mwislamu mmoja kijana anaburuta minyororo, ametoroka Makka, na mkataba ukataka arudishwe.

Mkataba ulipokwisha, Mtume akawaambia Masahaba: simameni, mchinje, kisha mnyoe. Hakuna aliyesimama. Akasema mara tatu. Hapo niliandika kwa herufi nzito kwamba ustadhi awaeleze watu vizuri, wasidhani wale walikuwa waasi. Walikuwa watu waliompenda kuliko nafsi zao. Wanazuoni wanasema walikuwa wameelemewa na huzuni, na wengine walitumaini kwamba labda utashuka wahyi wa kubadili amri, waingie Makka kama walivyotazamia. Kiongozi mwenye hasira angewaita wasaliti. Yeye hakuwaita hivyo. Aliingia hemani.

Ukurasa wa mbele uliishia hapo: aliingia hemani.

Nyuma ndiko kulikokuwa na roho ya somo. Alimkuta humo mkewe aliyesafiri naye, mmoja wa Mama wa Waumini, akamweleza yaliyomkuta kwa watu. Hakumficha kwamba ametoa amri na haikufuatwa. Mama yetu yule akamshauri: ikiwa unataka hilo lifanyike, toka, usimsemeshe mtu yeyote hata neno moja, umchinje ngamia wako, umwite kinyozi wako akunyoe. Akatoka, akafanya vile vile alivyoshauriwa. Watu walipoona, waliinuka wakachinja, wakaanza kunyoana, na kwa majonzi waliyokuwa nayo karibu waumizane. Kisha wakiwa njiani kurudi zikashuka aya zilizouita mwaka ule ushindi ulio wazi.

Chini yake niliandika mafunzo. Kwamba kiongozi mkuu kuliko wote, anayeteremshiwa wahyi, alipeleka tatizo la umma kwa mwanamke na akachukua rai yake siku hiyo hiyo. Kwamba yule mama aliona jambo ambalo wanaume elfu moja na mia nne hawakuliona: watu walioelemewa hawahitaji amri ya nne, wanahitaji kumwona mtu anaanza. Na nikatia mfano wangu. Mwenye shamba hapa Trans Nzoia ameanika mahindi kwenye turubai, wingu limekuja kutoka upande wa Cheptais, na vibarua wamekaa chini kwa sababu wamechoka na wamenuna. Anapiga kelele, hakuna anayesimama. Mkewe anamwambia, nyamaza, inama, shika pembe ya turubai. Anainama. Kabla hajaikunja pembe moja, pembe tatu zingine zimeshikwa.

Mfano ule niliuchota nyumbani kwetu. Baba yangu ndiye mwenye turubai, na mama ndiye aliyesema. Sijawahi kumsimulia mtu mwingine.

Na chini kabisa niliandika ombi letu.

Jumapili ile chumba kilijaa. Hata wanawake wasiokuja darsani walikuja. Ustadhi alianza vizuri, sauti yake ikishuka na kupanda. Alipofika kwa yule kijana wa minyororo nilisikia wanaume wakishusha pumzi. Alipofika mahali Masahaba walipobaki wamekaa, aliwatetea kama nilivyoandika, hata vizuri zaidi. Kisha akasema, "Mtume akaingia hemani."

Akanyamaza kidogo. Mimi nilikuwa nimekaa katikati ya chumba, macho nimefumba.

"Akakaa hemani akatafakari peke yake," akaendelea, "akaona kwa hekima yake kwamba vitendo vina nguvu kuliko maneno. Akatoka, akachinja, akanyoa. Watu wakamfuata. Ndugu zangu, kiongozi anatangulia. Na mfuasi je? Mfuasi hasubiri kuelewa. Akiona viongozi wameamua, anainuka."

Akaomba dua. Wanaume wakaitikia amina. Muadhini akajiandaa kwa Magharibi.

Dada wa Misikhu alinigeukia. "Si ulisema kuna mama hapo ndani ya hema? Ameenda wapi, bana?"

Nilianza kutafuta jibu. Kisha nikapata moja, na lilinijia haraka sana, kama linavyomjia mtu anayelihitaji. Alisoma ukurasa wa mbele tu! Maneno yake ya mwisho yalikuwa "aliingia hemani", ndipo akanyamaza akitafuta yanayofuata, na kwa kuwa kila mtu anajua Mtume alitoka akachinja, akaunganisha kwa kukisia. Hakugeuza karatasi. Mafunzo yote, mfano na ombi vilikuwa nyuma.

Baada ya sala nilimngoja kwenye njia ya pembeni. Alikuja na daftari mkononi, akanipa, akiwa na haraka ya kwenda kikaoni.

"Ustadhi," nikasema, daftari nimelishika vile vile limefungwa, "kulikuwa na upande wa nyuma."

Alinitazama. "Nyuma?"

"Nyuma ya ukurasa. Somo linaendelea huko. Na ombi letu."

Alijipiga paji la uso. "Lo! Dada, sikugeuza! Nilidhani umeishia pale, nikasema leo dada ameandika fupi. Nisamehe."

"Basi waambie kikaoni."

"Nitajaribu," akasema, na akaingia.

Asubuhi ya Jumatatu mikeka yetu ilikuwa imepangwa kwenye ngazi za chuma. Nilimpigia simu, akaniambia alijaribu, ila mambo yalikuwa yamefika mbali.

Jumapili iliyofuata niliwakusanya akina mama pale chini ya ngazi nikawaomba radhi. Niliwaeleza kama ninavyoeleza darasani, hatua kwa hatua, hata nikawaonyesha ukurasa. Nikawaambia kosa ni langu. Mtu anayesoma mbele ya watu haandikiwi pande mbili, na hata kama angeandikiwa, ilinipasa niweke alama chini ya ukurasa ya kumwambia ageuze. Kwa ubahili wangu wa karatasi, nikawapotezea chumba.

Nilikuwa na machozi. Nyanya alinipapasa mkono.

"Wewe umezoea kuandika kama kwamba karatasi imeisha Kenya nzima," alisema. Dada wa Misikhu alifungua mdomo, nyanya akamkazia macho, akaufunga. Niliona jambo lile, nikalielezea pia: nikadhani wananihurumia.

Wenye magoti mazima wakapanda. Nyanya akarudi nyumbani. Jumapili baada yake hakuja.

Majuma matatu baadaye nilikwenda Bungoma kumwona mama yangu. Alinipokea na habari njema. Msikiti wetu wa zamani ulikuwa umemwalika ustadhi wetu wa Kitale aje atoe somo Jumamosi, naye alikuwa amekubali.

"Mtoto wako anakuja," mama alisema. "Tutakwenda mapema tupate mahali."

Pale Bungoma wanawake wana mahali pao nyuma ya pazia, ndani ya ukumbi ule ule, na hakuna anayepataka. Nilikaa bega kwa bega na mama. Ustadhi hakujua kwamba nipo. Akatangaza kwamba atazungumzia uongozi wa Mtume katika Hudaibiya, na moyo wangu ulifurahi, kweli ulifurahi. Nikasema, anataka kulipa deni la somo lile, huku kwetu.

Akasimulia. Mkataba, minyororo, amri mara tatu. Kisha akasema, "Mtume akaingia hemani. Na humo hemani, ndugu zangu, kulikuwa na nani?"

Akamtaja Mama wa Waumini kwa jina lake na ukoo wake. Akayasema maneno yake ya ushauri polepole, moja moja. Akasema umma uliokolewa na mume aliyejua kumsikiliza mkewe. Pazia lote lilitikisika, wanawake wakinong'ona kwa furaha.

"Walioelemewa hawahitaji amri ya nne," alisema. "Wanahitaji kumwona mtu anaanza."

Bado nilikuwa natafuta. Tukio hilo ni maarufu, nilijiambia, amelisoma mwenyewe tangu siku ile. Na sentensi hiyo, labda nimewahi kuisema mbele yake.

"Nitawapa mfano," akasema. "Mwenye shamba Trans Nzoia ameanika mahindi kwenye turubai. Wingu linakuja kutoka Cheptais..."

Mama alinigusa kiwiko. "Sikia! Si hii ni kama siku ile ya baba yako?"

Daftari lilikuwa kwangu Kitale, kwenye sanduku, tangu jioni ile aliponikabidhi. Sikumfungulia ukurasa. Mfano ule haukuwa mahali pengine popote duniani isipokuwa upande wa nyuma, na katika kumbukumbu ya mama aliyekaa kando yangu. Nilijaribu kulielezea hilo. Ninajua kueleza, na nilijaribu kwa bidii. Halikuelezeka.

Baada ya sala alikuja barazani kuwasalimu wazee. Aliponiona uso wake ulibadilika, kisha akatabasamu.

"Mwanangu, umetufunza," mama alimwambia. "Umetupa heshima sisi wanawake. Mungu akuzidishie."

"Amina, mama. Ni dua zenu."

Mama aliposogea kuwasalimu wenzake, nilimuuliza kwa sauti ya chini, "Mahindi umeyatoa wapi?"

Alinyamaza, akanitazama kama alivyokuwa akinitazama kwenye herufi asiyoijua. Safari hii sikumtajia.

"Dada," akasema hatimaye, "pale Kitale ningesema vile, ningekaaje na wazee wa kamati? Walishaamua kuhusu chumba tangu Ijumaa. Mimi ndiye niliyeandika. Ningesimama mbele yao niseme Mtume alimsikiliza mwanamke, ingekuwa kama nawapiga makofi. Kila mahali na hekima yake. Hapa wanaelewa."

"Hapa hawana chumba wanachotaka kuchukua."

"Usiseme hivyo."

"Walishaamua Ijumaa, na wewe uliniambia darsa ya Jumapili ndiyo nafasi yenyewe?"

"Uliniletea ombi Alhamisi, dada. Siku ile walikuwa hawajaamua. Baadaye nikashindwa kukwambia."

"Ulisema Mtume alitafakari peke yake. Hilo umelipokea kwa nani?"

Hapo aliinamisha kichwa. "Hilo nilikosea. Hilo nimemwomba Mungu msamaha."

"Nami niliwaomba akina mama msamaha," nikamwambia. "Nilisimama chini ya ngazi nikawaambia nimewapotezea chumba kwa ubahili wa karatasi. Nililia. Ulijua?"

"Nilisikia," alisema.

Alisikia. Nilidhani atasema hakujua, nami nilikuwa tayari kumwamini kwa hilo. Mtu aliyemwogopa mzee wa kamati naweza kumwelewa. Woga nimeuona kwake tangu akiwa na miaka mitano. Lakini alisikia kwamba nimebeba uongo wake na kuuita kosa langu, akauacha mabegani mwangu majuma matatu, na kwa muda huo huo akaliandaa somo langu kwa ajili ya watu wasioweza kumdhuru.

"Dada, usiniache," alisema. "Wiki ijayo tunarudi kwenye sira, na somo ni ufunguzi wa Makka. Sina nilichoandaa."

Mama alirudi, tukaondoka. Njiani alisifu tena sauti yake. Sikumwambia. Mpaka leo sijamwambia.

Niliporudi Kitale nilikwenda kwanza kwa nyanya. Alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharagwe. Nilikuwa nimepanga maneno, maana si vizuri kutangaza aibu ya mtu. Nikasema tu, "Nyanya, nilisema kosa lilikuwa la karatasi. Halikuwa la karatasi."

Aliendelea kuchambua. "Najua, mwalimu. Nilikuwa dirishani."

"Uliona nini?"

"Aliposema ameingia hemani, aligeuza. Akasoma kule nyuma, hata mdomo ulikuwa unatembea. Akainua macho akawatazama wazee wake. Akarudisha ukurasa."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia vipi? Ulikuwa unalia na unamtetea. Yule si ni mtoto wako wa alifu? Tuliona ngoja, ajue mwenyewe."

"Mliona? Nani na nani?"

"Wote waliokuwa karibu na mbao," alisema. "Hata huyu wa Misikhu. Yeye ndiye alitaka kusema, nikamzuia."

Niliketi chini. Sikujua nimkasirikie nani. Kumbe siku ile, nilipokuwa nikieleza hatua kwa hatua na kuonyesha ukurasa, nilikuwa nawafundisha watu jambo ambalo wote walijua si kweli, nao walinisikiliza kwa adabu, kama mimi ninavyomsikiliza mwanafunzi anayekosea kwa kujiamini. Hilo nalo liliniuma, ingawa walifanya kwa kunipenda.

Nyanya alinipa ungo, nikamsaidia kuchambua.

"Yule mama wa hemani alisema nini tena?" aliuliza. "Sikumsikia vizuri siku ile, maana hakutajwa."

"Alisema atoke, asimsemeshe mtu, aanze."

"Aa," nyanya akasema.

Jumapili alikuja. Nilimkuta amekwisha kaa chini ya ngazi za chuma, kwenye mkeka aliokuja nao, katika njia inayokwenda kwenye ile ofisi mpya. Hakumwomba mtu ruhusa wala hakumlaumu mtu. Nilikaa kando yake. Dada wa Misikhu alikuja, akatazama ngazi, akatutazama, akavua viatu akakaa. Kufikia Alasiri tulikuwa kumi na tatu, na hakuna aliyepanda. Nilitoa daftari na kuwasomea Hudaibiya, mbele na nyuma, kwa sauti ya kutosha sikio moja zima.

Nilikuwa nimefika kwenye turubai ustadhi alipopita kwenda ofisini na jalada lake. Ilimbidi azunguke ukingo wa mkeka, mgongo ukikwaruza ukuta. Akatoa salamu, tukamwitikia. Alisimama kidogo, labda akingoja nimwite, au nimpe ufunguzi wa Makka, ambao kwa kweli nilikuwa nimeshauandika kabla ya safari ya Bungoma na ulikuwa humo humo ndani ya daftari, ukurasa unaofuata. Somo hilo linahusu kusamehe. Sikuufungua. Nilingoja amalize kupita, kisha nikaendelea na pembe za turubai.

Tunakaa pale mpaka sasa. Chumba hakijarudi. Kamati imetuma mtu mara moja kusema njia inazibwa, na nyanya akamsogezea nafasi apite.